Lori linakula mafuta tangu saa ya dashibodi ibadilishwe: je, ni spidi gavana au naibiwa?

Mmiliki_Nyakato

Habari zenu wakuu. Nina kichwa cha semi kilichotengenezwa mwaka 2004, kilichoingia nchini kikiwa kimetumika Uingereza, nacho hubeba marobota ya pamba kutoka Mwanza hadi bandari ya Dar es Salaam na kurudi na mzigo wowote unaopatikana. Kwa muda mrefu gari hili limekuwa likinipa kilomita 2.3 kwa lita likiwa na mzigo, na kwa barabara yetu na uzito ninaobeba sikuwa na la kulalamikia. Tangu msimu huu uanze, hesabu ya ofisini inaonyesha kilomita 1.75 kwa lita. Nimepiga hesabu ya safari moja ya kwenda na kuona kwamba kuna lita 132 ambazo haziwezi kuelezwa kwa njia yoyote.

Dereva wangu anasema kosa ni la spidi gavana, kwamba imelibana gari hadi injini inajitahidi bila kupata mwendo, na kwa sababu hiyo inakula. Mimi nina shaka kwamba mafuta yananyonywa njiani, na mshahara wake wa mwezi uliopita nimeushikilia. Kabla sijafika mbali zaidi naomba wenye utaalamu wanijibu jambo moja: je, spidi gavana inaweza kweli kuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi hicho?

Tairi_Mkononi

Mkuu, angalia tairi kwanza. Ukitoa tairi za 295/80 ukafunga za 315/80, gurudumu linakuwa kubwa, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, na dashibodi haijui hilo. Kilomita zinasomeka chache kuliko ulizotembea, na hesabu yako ya mafuta inaharibika hapohapo. Nimeyaona haya kwenye magari mengi. Spidi gavana haihusiki.

Abiria_Sirari

Nashukuru mada hii imeletwa, kwa kuwa mimi husafiri mara kwa mara kati ya Mwanza na Sirari na mabasi yanatutisha. Juzi tulipita Lamadi kwa mwendo ambao mama mmoja nyuma yangu alianza kusali kwa sauti. Kwa wenzetu ng'ambo ya mpaka sheria ya spidi gavana kwa magari ya abiria ilianza kutumika Februari 2004, kikomo kikiwa kilomita 80 kwa saa. Sasa naomba kuuliza: hapa kwetu si mabasi yote yamefungwa kile kifaa cha LATRA? Kama kimefungwa, kwa nini basi bado linaweza kukimbia?

Fundi_Igoma

Nitaanza na dada wa Sirari kwa ufupi, kisha nirudi kwa mwenye uzi.

Kifaa cha LATRA, yaani VTS, kazi yake ni kuona na kusema. Kinapokea mawimbi ya satelaiti, kinajua basi liko wapi na linakwenda kwa mwendo gani, kisha kinapeleka taarifa hiyo kwa wanaofuatilia. Dereva akizidisha mwendo ataandikwa, lakini injini haitazuiwa. Spidi gavana ni kinyume chake, kwa maana haimwambii mtu yeyote chochote, ila mwendo ukifika ulipowekwa inapunguza mafuta yanayoingia kwenye injini, na dereva hata akikanyaga pedali hadi sakafuni hapati zaidi. Basi linaweza kuwa na kimoja bila kingine, na ndiyo maana unaweza kukaa kwenye basi lenye VTS likakimbia vizuri kabisa hadi siku mmiliki atakapoitwa.

Sasa mwenye uzi. Spidi gavana iliyo nzima haiongezi ulaji wa mafuta, inaupunguza, kwa sababu upinzani wa hewa unaopambana na lori hukua kwa mraba wa mwendo. Maelezo ya dereva wako hayasimami. Hata hivyo, hilo bado halithibitishi kwamba ameiba. Naomba kwanza unipe vitu vitatu: kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi safari moja ya zamani na safari moja ya sasa, njia ileile, lita halisi zilizowekwa katika safari hizo mbili, na kama kuna kitu chochote kilichoguswa kwenye dashibodi, gia boksi au waya zake kabla mabadiliko haya hayajaanza.

Mmiliki_Nyakato

Ahsante fundi. Tairi hazikubadilishwa, ni 315/80 tangu gari lilipofika, kwa hiyo ndugu wa tairi hilo liondoke.

Safari ya zamani, Nyakato hadi bandarini: kilomita 1,148, lita 500. Safari ya sasa, njia hiyohiyo: kilomita 957, lita 548. Mzigo ni karibu sawa.

Kuhusu kuguswa: ndiyo, mwanzoni mwa msimu ile saa ya dashibodi yenye mdomo wa karatasi za duara ilizimika kabisa, na dereva akaifanyia matengenezo kwa fundi mmoja wa umeme. Nililipia, nikaambiwa imewekwa nyingine iliyotoka kwenye gari lililokatwa.

Mhasibu_Kirumba

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtu wa magari. Lakini mmiliki, Mwanza na Dar es Salaam hazijasogeleana. Barabara iliyokuwa kilomita 1,148 imekuwaje 957 wakati gari limepita Shinyanga, Nzega, Singida na Dodoma kama kawaida? Ukiacha kugawanya kwa 957 ukagawanya kwa 1,148, lita 548 zinakupa karibu kilomita 2.1 kwa lita. Hapo hakuna lita 132 zilizopotea. Zimeongezeka lita 48 tu kwa safari, na hizo ndizo za kutafutia maelezo.

Fundi_Igoma

Mhasibu ameshika penyewe. Nami nitaeleza kwa nini kilomita zimepungua, kwa kuwa hapo ndipo spidi gavana inapoingia.

Ile saa uliyobadilisha si saa ya kawaida, ni takografu. Kwenye gia boksi kuna sensa inayohesabu mizunguko ya shafti na kutuma vijipigo vya umeme juu kwenye takografu. Takografu haijui kilomita ni nini. Inachojua ni idadi ya vijipigo vinavyolingana na kilomita moja, na idadi hiyo imeandikwa ndani yake na aliyeipima. Kwenye vichwa vilivyotoka Ulaya utaikuta pia kwenye kibao kidogo karibu na takografu au kwenye nguzo ya mlango. Kwa gari lako natarajia kitasomeka kitu cha namna hii: `w = 7540 imp/km` na chini yake `l = 3180 mm`, ambao ni mzingo wa tairi likiwa limebeba uzito.

Takografu ikishapata mwendo wake kutokana na namba hiyo, inaugawa kwa wote: mshale wa dashibodi, kihesabu kilomita, na kompyuta ya injini yenye spidi gavana. Lori kubwa la Ulaya la umri huo limewekewa kikomo cha kilomita 90 kwa saa kwa sheria ya kwao. Sasa, mtu akiandika ndani ya takografu namba kubwa kuliko ya kweli, tuseme 9,050 mahali pa 7,540, takografu itasubiri vijipigo vingi zaidi kabla ya kukubali kwamba kilomita moja imekwisha. Gari litakwenda kilomita 1,148 na saa itahesabu kama 957. Gawanya mwenyewe, ni uwiano wa 1.2 uleule. Na kompyuta ya injini, ambayo haina macho, itasubiri hadi iambiwe 90 ndipo ibane mafuta, wakati kwa kweli gari liko kwenye 108.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba spidi gavana yako haibani gari. Inadanganywa ili isibane.

Ndugu wa tairi yuko sahihi kwa upande mmoja, kwamba tairi kubwa hufanya saa isome pungufu. Tatizo ni kiasi. Kutoka 295/80 kwenda 315/80 tofauti ya kimo ni kama asilimia 3. Kupata asilimia 20 kwa njia ya tairi, gurudumu lingekuwa na kimo cha mita moja na robo, na lisingeingia chini ya madigadi.

Tairi_Mkononi

Nimekuelewa kwenye kiasi, fundi. Lakini hiyo yote ni nadharia ya mezani. Tunajuaje bila kulipeleka gari kwenye mashine?

Fundi_Igoma

Mashine ya kwanza ipo kwenye dashibodi hiyohiyo, nayo ni mshale wa mizunguko ya injini. Mshale huo haupati taarifa kutoka kwenye takografu, unapata kwa sensa ya injini yenyewe, na aliyechezea kilomita kwa kawaida huusahau. Gari likiwa kwenye gia ya juu kabisa, klachi haijaguswa, uhusiano kati ya injini na tairi ni wa meno kwa meno. Hauwezi kubadilika hata kwa bahati mbaya.

Chukua difu ya uwiano wa 3.0 na gia ya juu isiyoongeza wala kupunguza, ambayo ndiyo ya vichwa vingi vya aina hiyo. Kwenye kilomita 80 kwa saa tairi la mzingo wa mita 3.18 linazunguka karibu mara 419 kwa dakika, na injini mara tatu ya hapo, yaani takriban 1,260. Mmiliki, mpe mtu unayemwamini apande na dereva, wapate sehemu tambarare baada ya Usagara, washike 80 kwenye saa na gia ya juu, wapige picha ya dashibodi nzima. Mshale ukiwa 1,260 nimesema uongo. Ukiwa karibu na 1,500, gari linakwenda 96.

Namba ya difu utaikuta imegongwa kwenye kibao cha bati kilichofungwa kwa boliti ya difu. Mtu aifute tope aipige picha pia.

Dereva_Shelui

Wakuu, mimi ni dereva wa semi kwa miaka mingi na ninamsemea mwenzangu ambaye hayupo humu. Mmiliki, nakuuliza kwa heshima: huyo dereva wako hajawahi kukuletea malalamiko ya tochi? Kwa sababu mimi niliendesha gari la namna hii kwa tajiri mwingine. Naingia kijijini, saa inaniambia 50, natoka nikiwa na amani, mbele askari ananiambia nimepigwa tochi nikiwa 60. Nikabisha hadi tukagombana. Nililipa faini, nikakatwa na tajiri kwa uzembe, na kumbe macho yangu yalikuwa sahihi, saa ndiyo iliyokuwa mbovu. Hakuna kinachomuumiza dereva kama kuadhibiwa kwa mwendo ambao hakuuona.

La pili, na hili wamiliki hawapendi kulisikia. Spidi gavana inachezewa kwa sababu kuna anayefaidika na gari kuwahi. Posho yetu ni ya safari, si ya saa. Tajiri anasema atakayefika kesho asubuhi apate mzigo wa kurudi ana nyongeza. Zamani watu wa Geita na Bukoba tulikuwa tunakimbilia kivuko cha Busisi, ukikosa zamu unalala Kigongo. Daraja limefunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko imeisha, lakini bado watu wanakimbia, kwa kuwa kinachokimbiliwa ni posho.

La tatu, spidi gavana yenyewe ina hatari yake. Uko katikati ya kulipita lori lingine, gari linafika kikomo na kukata pumzi, na mbele yako kuna basi linakuja. Hapo ndipo unapotamani ungemwita fundi akuzimie.

Mwalimu_Buswelu

Dereva, nafundisha fizikia na hoja yako ya tatu imenifanya nichukue kalamu. Lori lako lina kikomo cha 90, na unayempita anakwenda 85. Unamzidi kilomita 5 tu kwa saa, yaani karibu mita 1.4 kila sekunde. Ukihesabu urefu wa semi mbili na nafasi ya kutoka na kuingia, unahitaji kumpita kwa mita 80 hivi. Hiyo ni karibu dakika nzima upande wa kulia, na katika dakika hiyo umetembea karibu kilomita moja na nusu. Ni sehemu gani kati ya Nzega na Igunga unaweza kuona kilomita tatu mbele, maana anayekuja naye anatembea? Spidi gavana haijakukata pumzi katikati ya kupita. Ilikukatalia kabla hujaanza.

Kuna hesabu nyingine ambayo naona ina uzito zaidi. Dereva anaamini anakwenda 80, kwa hiyo anaacha nafasi ya mtu wa 80. Tumpe sekunde moja na nusu ya kuona na kukanyaga breki, na breki nzuri kwenye lami kavu. Gari la 80 litasimama ndani ya mita 83 hivi. Gari la 96 linahitaji mita 111. Tofauti ya mita 28 inaweza kuonekana ndogo, lakini angalia pale pale kwenye mita ya 83 ambapo gari la kwanza limeshasimama: la pili linapita hapo likiwa bado na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kama hapo ndipo ng'ombe au mtoto aliposimama, mmoja amenusurika na mwingine amegongwa kwa 60.

Dereva_Shelui

Mwalimu, hesabu ya breki naikubali yote. Ya kupita naikubali nusu. Wewe umesema unayempita anashika 85 muda wote. Barabarani unamkuta anakwenda 60 akiwa mlimani, unatoka, naye akifika kilele anaongeza mwendo kwa ubishi. Hilo haliko kwenye daftari.

Halafu mtuambie na ukweli mwingine: kwenye mteremko wa Sekenke spidi gavana haina msaada wowote. Mzigo wenyewe ndio unaosukuma.

Fundi_Igoma

Kuhusu Sekenke dereva amesema kweli, na ni jambo ambalo wamiliki wengi hawalijui. Spidi gavana ya kawaida inabana mafuta tu. Haina mkono kwenye breki. Kwenye mteremko injini haihitaji mafuta ili gari lizidi 90, kwa hiyo hakuna cha kubana. Pale kinachoshika gari ni gia ndogo, breki ya injini na retada kama ipo. Dereva anayeweka frii ili aokoe mafuta ameitupa gia na breki ya injini kwa mpigo mmoja, na spidi gavana inabaki kutazama.

Lakini hata mteremkoni saa iliyodanganywa ina madhara. Dereva mzuri wa Sekenke hushuka kwa kuangalia saa. Akijiambia "nashuka kwa 40" na kumbe ni 48, gari lina nguvu ya mwendo inayozidi aliyoikadiria kwa zaidi ya theluthi, na joto lote hilo linaishia kwenye breki. Atanusa lining zikiungua na hatajua kwa nini, maana leo ameshuka "kama kila siku".

Mmiliki_Nyakato

Wakuu, nimerudi. Mpwa wangu amepanda na gari hadi Shinyanga. Picha ninayo: saa inasoma 80, mshale wa mizunguko uko kwenye 1,500 na ushee. Kibao cha difu kimesomeka 3.0. Kibao cha pembeni ya takografu kinasema `w = 7540 imp/km`, fundi umekikadiria bila kukiona.

Mpwa alifanya na jaribio lake mwenyewe. Alihesabu vibao vya kilomita vya barabarani, kumi mfululizo, na kihesabu cha gari kikaongezeka kilomita 8.3. Simu yake nayo ilikuwa inaonyesha 95 au 96 wakati wote dereva ameshika 80.

Kuhusu tochi, ndugu dereva, faini zipo, na zote ni za Misungwi na Tinde, na kila mara alisema alikuwa 50. Mshahara wake nimeuachia leo.

Sasa swali langu: nani amefanya hivi? Dereva anaapa hajui. Fundi wa umeme anasema aliweka saa kama alivyoipata. Na pili, nikipata ajali leo na gari likiwa hivi, nasimama wapi?

Fundi_Igoma

La nani amefanya, kwa picha hizi siwezi kusema, na ningekushauri usimhukumu mtu. Takografu iliyotoka kwenye gari lililokatwa huja na namba ya gari lile. Kama lilikuwa na difu ya 3.6 na tairi kama zako, namba yake ingekuwa karibu na 9,050 na gari lile lilikuwa linasoma sawasawa. Akaihamisha mtu asiyejua kwamba ni lazima ipimwe upya, na gari lako likapata uhuru bila mtu kuutafuta. Lakini vilevile mtu anayetaka kulifungulia gari angefanya kitu hichohicho kwa makusudi. Matokeo yanafanana.

Kinachoweza kutoa fununu ni lakiri. Kwenye sensa ya gia boksi na nyuma ya takografu huwa kuna waya mwembamba uliopitishwa kwenye tundu na kubanwa kwa risasi yenye alama ya aliyepima. Ya takografu itakuwa imekatwa, hilo halishangazi kwa kuwa saa imebadilishwa. Angalia ya gia boksi. Kama imekatwa na saa tu ndiyo iliyokuwa mbovu, uliza kwa nini mtu alishuka hadi kule chini. Na kama kuna swichi au kijisanduku chochote kilichounganishwa na waya wa sensa, usimruhusu mtu akitoe kabla hujakipiga picha.

Abiria_Sirari

Samahani, bado sijaelewa jambo moja. Basi likichezewa hivi, LATRA hawataona?

Fundi_Igoma

Wataona, dada. VTS inapata mwendo kwa satelaiti, haiulizi takografu. Dereva ataona 80, wao wataona 96. Ndiyo maana kwenye basi udanganyifu wa namba hauishi muda mrefu. Wanaotaka kukimbia huanza kwa kuchezea VTS yenyewe. Malori mengi ya binafsi hayana anayeyatazama kwa juu, na hapo uongo unaweza kudumu msimu mzima.

Mhasibu_Kirumba

Nijibu swali la kusimama wapi kwa kadiri ninavyoshughulika na bima kazini. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari yanayozidi kilo 3,500. Angalia basi kwamba hata spidi gavana ya Ulaya ikiwa nzima kwenye 90, gari lako bado liko juu ya sheria yetu. Kwa hiyo "ilikuwa imefungwa" si utetezi. Kwa aliyegongwa, bima ya lazima ipo ili alipwe. Kinachobaki ni kati yako na kampuni: mkaguzi wao atasoma kibao, atasoma namba iliyo ndani ya saa, ataziona hazilingani, na utaulizwa kama uliitunza chombo kama mkataba unavyotaka. Ukiwa umelipia matengenezo hayo na risiti iko kwenye faili lako, utajibu nini?

Nina la pili dogo. Rekebisha na daftari la sevisi. Kama mnabadilisha oili kila kilomita 15,000 za saa, mmekuwa mkibadilisha kwenye 18,000.

Mmiliki_Nyakato

Nimepeleka gari kwa fundi wa takografu. Amejaza upepo kwa kipimo, akaendesha kilomita moja iliyopimwa, akapata vijipigo 7,552, akaiandika namba hiyo na kupiga lakiri mpya juu na chini. Alichomeka pia kompyuta kwenye breki za kielektroniki na kunionyesha kwamba mwendo wa magurudumu na mwendo wa takografu sasa unakwenda pamoja. Kabla ya hapo vilikuwa vimeachana na kosa lilikuwa limehifadhiwa humo muda wote, ila hakuna aliyewahi kulisoma. Lakiri ya gia boksi ilikuwa imekatwa. Fundi wa umeme anasema aliikuta hivyo.

Safari ya kwanza baada ya hapo: kilomita 1,146, lita 504.

Bado sijaamua kama niishushe spidi gavana kutoka 90 hadi 80. Fundi anasema inawezekana kwa kompyuta ya injini.

Dereva_Shelui

Ukiiweka 80 kamili, kila lori litampita dereva wako na yeye hatampita yeyote. Weka 85.

Mwalimu_Buswelu

Na sheria inasema 80. Dereva, unamshauri mwenzako alipe pesa ili avunje sheria kwa kilomita 5?

Dereva_Shelui

Namshauri aishi barabarani, mwalimu. Na amtazamie dereva wake posho ya kuwahi, maana hilo hajalijibu.

Mmiliki_Nyakato

Ya posho nimeisikia. Nyongeza ya kuwahi nimeisimamisha kwa sasa, nione mzigo wa kurudi utakwendaje.

Tairi_Mkononi

Fundi, nimejaribu kwenye gari langu. Saa 80, gia ya juu, mshale uko 1,400. Tairi ni kama za mwenye uzi. Nami nimechezewa?

Fundi_Igoma

Usimwite mtu mwizi bado. Injini ya 1,400 kwenye 80 inaweza kuwa sahihi kabisa kama difu yako ni ya 3.36 hivi, na zipo. Soma kwanza kibao cha difu, kisha upate vibao kumi vya barabarani kama alivyofanya mpwa wa mmiliki. Kihesabu kikisoma kati ya 9.7 na 10.3, ni uchakavu wa tairi au tofauti ndogo ya upimaji. Kikisoma chini ya 9.5, lete picha ya kibao cha `w` hapa.